Mota Iliyoshikwa na Kwikwi

Kwa msimu mzima wa pamba niliamini kwamba mota za umeme hushikwa na kwikwi. Si kwa utani. Niliamini kama ninavyoamini kwamba mvua hutoka juu. Aliyenipa elimu hiyo alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi, mzee mwenye sauti ya mtu aliyeona kila kitu mara mbili. Alinieleza kwa utaratibu kabisa. Pamba ikiletwa na umande wake kutoka shambani, alisema, ule ubaridi hupanda kwenye shafti, ukaingia tumboni mwa mota, na mota ikashikwa na kwikwi kama mtoto aliyekunywa maziwa baridi.

"Ukiona inakwenda, inasita, inakwenda, inasita, usiifungue, fundi," aliniambia. "Ishtue tu. Itaacha."

Basi niliishtua. Nilinyata nyuma ya mota ya rola nikiwa na spana namba ishirini na nne, nikagonga bamba lake kwa nguvu zangu zote na kupiga ukelele ambao nina hakika waliusikia watu wa kule Ngulyati. Watu wa mizani walikuja mbio wakidhani nimenaswa na umeme. Nikawaambia ni matengenezo ya kawaida.

Wala msinicheke mapema. Nilikuwa na ushahidi wa kwikwi, tena wa namba, na ushahidi wenyewe niliutengeneza kwa mikono yangu.

Mimi ni zao la shule ya jioni. Mchana nilibeba magunia, jioni nilibeba madaftari, na baada ya miaka ambayo nikiihesabu naona aibu, nilipata cheti changu cha kidato cha nne na baadaye cha ufundi umeme. Nilikuwa wa kwanza katika darasa letu. Kwamba tuliofika mwisho tulikuwa watatu, hiyo ni habari nyingine. Kiwanda kiliponiajiri kama fundi umeme, nilitembea mjini siku nzima nikiwa na testa ya kupimia umeme mfukoni, ikichungulia nje, ili hata mbuzi wajue.

Kazi yangu ya kwanza ya kujivunia ilikuwa kupima kasi. Niwaeleze kiwanda kinavyofanya kazi. Pamba inayotoka kwa mkulima bado ina mbegu. Feni kubwa huivuta kwa bomba kutoka ghalani na kuimwaga kwenye sanduku la juu. Chini ya sanduku hilo kuna rola, ambayo huzunguka polepole na kuilisha pamba kwenye mashine yenye meno inayotenganisha nyuzi na mbegu. Rola ikienda mbio, mashine inakabwa na nyuzi zinakatika. Ikienda polepole mno, mashine inashinda njaa. Kila kitu kinategemea rola ile, na rola inaendeshwa na mota yenye nobu ya kuongeza na kupunguza kasi, kama ile ya sauti ya redio.

Meneja, kijana mwenye daftari na viatu visivyopenda vumbi, alitaka kuiona kasi kwa namba. Nikasema, "Hilo niachie mimi." Nilichukua mfuniko wa ndoo ya rangi, nikaugawa kwa kipimapembe nilichobaki nacho tangu shule ya jioni, nikakata matundu kumi na mawili pembezoni kwa msumeno wa chuma na kuyalainisha kwa tupa. Nikaufunga mfuniko ule kwenye shafti ya rola. Upande mmoja niliweka taa ndogo, upande wa pili jicho la kupokea mwanga. Kila tundu likipita, mwanga unapenya, na jicho linapeleka pigo moja kwenye bodi ndogo ya kielektroniki niliyoiandikia programu mwenyewe, nikaifunga ndani ya kijisanduku chenye kioo cha namba.

Programu ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Fungua mlango kwa sekunde moja, hesabu mapigo yanayopita, funga mlango, zidisha kwa tano, onyesha. Kwa nini tano? Dakika ina sekunde sitini, mfuniko una matundu kumi na mawili, sitini kwa kumi na mbili ni tano. Nilipoliandika hilo ubaoni mbele ya meneja, nilihisi kama ningepewa kiwanda kizima kingenitosha kiganjani.

Nikatengeneza mfuniko mwingine kwa ajili ya feni, na bodi nyingine, kwa programu ile ile. Ya feni ilionyesha 1450, mara chache 1445 au 1455, ikatulia kama ng'ombe aliyeshiba. Ya rola ilionyesha 15. Kisha 20. Kisha 15. Kisha 20.

Hizo ndizo kwikwi zenyewe.

Mimi nilikwenda kwa mlinzi, nikapata tiba ya kushtua. Meneja hakwenda kwa mlinzi. Yeye alichukua daftari lake, akaandika 15, 20, 15, 20, ukurasa mzima, halafu akamtazama mama aliyekuwa akisimamia rola.

Mama huyo sote tulimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma. Alizaliwa Nkoma, kwenye pamba, na alikuwa amesimama pembeni ya rola ile misimu mingi kuliko sisi wengine wote. Alikuwa hana haja ya namba. Alisikiliza. Alipotaka kasi yake, alizungusha nobu mpaka kwenye mstari alioupaka kwa rangi ya kucha ya binti yake, kisha akaiacha hapo wiki baada ya wiki, na mashine ikala vizuri.

"Mama," meneja alimwambia mbele ya watu, "unachezea nobu."

"Siichezei, baba."

"Namba zinasema unaichezea. Kumi na tano, ishirini, kumi na tano, ishirini. Hii siyo redio, mama."

Mayu akageukia rola yake. Kwenye ubao wa zamu, meneja akaandika kwa chaki kwamba kuanzia Jumamosi mayu atahamia uwanjani kufagia pamba iliyomwagika, na rola itapata mtu mwingine. Kufagia ni kazi halali, sisemi. Lakini kumtoa mayu kwenye rola ilikuwa kama kumwambia jogoo kwamba kuanzia kesho atakayewika ni bata.

Siku ile ile alinijia kwenye banda langu la vifaa. Ilikuwa Jumatano, wakati wa mapumziko ya mchana.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila, mayu. Karibu."

Hakukaa. "Kile kijisanduku chako kinanisema vibaya."

Mpaka dakika ile nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu kuhusu kijisanduku kile, na sikuwa nimewaza kwamba maneno yake yanaweza kumtoa mtu kwenye nafasi yake.

"Mayu, si wewe," nikamwambia. "Ni mota. Ina kwikwi."

"Nani amekwambia?"

"Mlinzi."

"Yule mlinzi aliyekwambia popo ni panya waliozeeka?"

Hilo la popo nalo lilikuwa bado linanipa mawazo.

"Njoo," akasema.

Alichukua chaki, akachora mstari kwenye ubavu wa rola. Akaniambia nishike simu, nifungue saa ya kupima mbio, na nihesabu mizunguko kumi. Mstari ukapita mara kumi: sekunde thelathini na nne na sehemu kidogo. Tukarudia. Thelathini na nne na sehemu ile ile. Tukarudia mara nne, tano, na saa ilitupa jibu lile lile kama mtoto aliyekariri. Sikuhitaji kalamu kupata hesabu: mizunguko kumi na saba na nusu kwa dakika. Na pembeni yetu kijisanduku changu kiliendelea kutangaza, kumi na tano, ishirini, kumi na tano, ishirini.

"Umeona?" mayu akasema.

"Nimeona. Lakini mayu, hata mtu mwenye kwikwi anafika sokoni kwa wakati. Anasita hapa, anakimbia pale, mwisho wa safari mambo yanalingana."

"Wewe kichwa chako kina kutu," akasema, lakini kwa upole. "Hebu nieleze. Kijisanduku kinahesabuje?"

Nikamweleza habari ya mlango wa sekunde moja na mapigo yanayopita. Akasikiliza huku akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyoisikiliza mashine.

"Nilipokuwa binti," akasema, "baba yangu aliniweka kwenye mlango wa josho. Ng'ombe wanaingia kwenye dawa mmoja mmoja, mimi nahesabu. Sasa huo mlango wako. Ng'ombe ameingiza kichwa, mlango umefungwa. Umemhesabu au hujamhesabu?"

"Sijamhesabu. Anahesabiwa mlango ukifunguliwa tena."

"Na kwa sekunde moja wanapita wangapi?"

Nikapiga hesabu. Kumi na saba na nusu, mara matundu kumi na mawili, gawanya kwa sitini. "Watatu na nusu," nikasema.

"Watatu na nusu." Akacheka, na kile kicheko kikanipiga kichwani kuliko spana. "Fundi, umeshaona nusu ng'ombe anapita mlangoni?"

Aisee! Nilikaa chini palepale kwenye gunia. Nusu ng'ombe hapiti. Kijisanduku hakina njia ya kusema watatu na nusu. Kinasema watatu, au kinasema wanne. Watatu mara tano, kumi na tano. Wanne mara tano, ishirini. Kumi na saba na nusu haikuwemo kabisa katika maneno yake! Hata rola ingezunguka kwa utulivu wa mwezi, kijisanduku kingeruka tu. Na ile ya feni ilitulia kwa sababu kwa sekunde moja ng'ombe wake walikuwa mia mbili na tisini. Mmoja akikwama mlangoni, nani atamkumbuka?

"Basi niache mlango wazi sekunde kumi," nikasema. "Watapita thelathini na watano. Mara sitini, gawanya kwa mia na ishirini, kumi na saba na nusu! Nimemaliza!"

"Sekunde kumi?" Mayu akatikisa kichwa. "Rola ikikosea, sekunde kumi pamba imeshajaa mdomo wa mashine. Utanionyesha namba ya maiti."

Alisema kweli. Nikakuna kichwa.

"Baba yangu," akaendelea, "ng'ombe wakiwa wachache hakuhesabu waliopita. Alitazama: huyu ametoka, yule anayefuata anatoka lini? Kama muda ni mrefu, wanatembea. Kama ni mfupi, kuna kitu kimewashtua."

Na hivyo ndivyo nilivyofundishwa, mimi mwenye vyeti viwili, njia ya pili ya kupima kasi: usihesabu wangapi wamepita kwa muda uliowekwa, bali pima muda kati ya anayepita na anayefuata. Kwenye mwendo wa polepole, muda huo ni mrefu, na kitu kirefu ni rahisi kukipima.

Alhamisi, mapumziko yote, nilikaa na kompyuta yangu ya mtumba, ile ambayo herufi moja huandika ukiibonyeza kwa kidole gumba tu. Bodi yangu ilikuwa na saa ndani yake ambayo niliisoma kwa milisekunde, yaani sekunde iliyokatwa vipande elfu moja. Tundu kwa tundu, kwenye rola, ilipaswa kuwa karibu milisekunde mia mbili themanini na sita. Ukikosea kipande kimoja kati ya vipande vyote hivyo, hakuna atakayekudai. Nikapandisha programu mpya, nikaiagiza izionyeshe namba kwenye kompyuta taratibu, moja moja, ili jicho lizifuate. Mayu akaja na kipande chake cha muhogo, akasimama nyuma yangu.

Namba ya kwanza: 18.7. Ya pili: 16.4. Kisha 17.5. Kisha 17.1. Kisha 19.3.

Niliruka juu. "Kwikwi! Mayu, kwikwi hizi hapa! Nimezikamata zikiwa hai!"

Maana, fikirini, sasa nilikuwa napima kila hatua, na kila hatua ilikuwa tofauti. Mlinzi alikuwa msomi kumbe! Nilitaka nikimbie getini nikambusu mkono.

Mayu alitafuna muhogo wake, akitazama namba. Alitazama sana. Mwisho akasema, "Zinarudi."

"Nini kinarudi?"

"Subiri. Kumi na nane na saba... kumi na sita na nne... sasa itakuja kumi na saba na nusu." Ikaja. "Kumi na saba na moja." Ikaja. "Sasa kumi na tisa na tatu." Ikaja.

Alikuwa anatabiri!

"Kila mzunguko mmoja zinarudi vilevile," akasema. "Huyu hana kwikwi, huyu anachechemea. Mguu mmoja mfupi. Mfuniko uliukata mwenyewe?"

"Niliukata mwenyewe."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Tukazima rola, tukautazama mfuniko kwa karibu. Nilikuwa nimejisifu kwa ule mfuniko kiasi kwamba ningeweza kuupeleka kanisani ukabarikiwe. Na kweli, kwa jicho la mtu mwenye huruma ulikuwa mzuri. Lakini nilipouwekea kipimapembe tena, tundu moja lilikuwa limesogea kulia, jingine limesogea kushoto, msumeno uliteleza hapa, tupa ilikula sana pale. Matundu yaliyokaribiana yalikuja haraka na kuonyesha kasi kubwa; yaliyoachana yalichelewa na kuonyesha kasi ndogo. Rola haikuwa na kosa lolote. Wakati nilipohesabu tu kwa mlango, makosa haya hayakuonekana, kwa sababu tundu ni tundu, limekaa vizuri au limekaa vibaya. Ukianza kupima muda wa kila hatua, unampima na aliyekata.

"Nitakata mwingine," nikasema kwa unyonge.

"Utakata vibaya tena," mayu akasema, bila ubaya wowote. "Mshike ng'ombe mmoja. Akipita, msubiri huyohuyo arudi."

Mnaona? Tundu likipita, usilipime na jirani yake. Lipime na lenyewe lilipopita mara ya mwisho. Hapo mzunguko mzima umekamilika, na hata kama ningekata matundu kwa meno, mzunguko ni mzunguko. Nikaandika hivyo: bodi ikumbuke muda wa matundu kumi na mawili yaliyopita, na kila tundu likifika, ipunguze kutoka muda wake ule muda wa tundu lile lile la mzunguko uliotangulia. Namba mpya inakuja kila tundu linapopita, zaidi ya mara tatu kwa sekunde, wala hakuna kusubiri sekunde kumi.

Ijumaa mchana nikapandisha programu. 17.5. Nikasubiri. 17.5. Nikahesabu hadi hamsini. 17.5. Nikampigia mayu saluti. Yeye akageuka, akaendelea kusukuma pamba kwa mkono kama vile hakuna kilichotokea duniani.

Sasa, mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilikuwa na furaha. Na furaha, kwa fundi, ni hatari kuliko waya uliochunika. Jumamosi asubuhi nilijiambia: kama njia hii ni nzuri kwa rola, basi na feni nayo ionje. Bodi ya feni ilikuwa ya zamani, kumbukumbu yake ndogo, basi niliipa ile programu ya kwanza ya tundu kwa tundu, nikawasha, nikasimama nimeshika kiuno.

1667. 1250. 1667. 1667. 1250.

Na mlango ukafunguka. Meneja, daftari mkononi. Nyuma yake mlinzi, ambaye siku zote alijua mambo yatakapotokea.

Meneja alitazama namba za feni.

"Na huku pia mama amegusa?" akauliza.

Nikafungua mdomo nijitetee, na hapo ndipo neno lake mwenyewe lilipogonga kengele kichwani mwangu. Amegusa nini?

"Bosi," nikasema, "amegusa nini?"

"Nobu, bila shaka."

"Feni haina nobu."

Akatazama ukutani. Feni ile ilikuwa na swichi moja tu: kuwasha na kuzima. Imeunganishwa moja kwa moja na umeme, na bamba la mota limeandikwa 1450. Kwa umeme wetu, mota ya aina ile haiwezi kuvuka elfu moja na mia tano hata ukiisomea dua, sembuse 1667.

"Sikiliza sauti yake," nikasema. Akasikiliza. Feni ilivuma kwa sauti moja, nyororo, kama nyuki wa mzinga mmoja. "Kama kweli ingeruka kutoka elfu moja mia sita hadi elfu moja mia mbili na hamsini, bomba lingelia kama fisi. Feni iko palepale. Kipimo ndicho kinachoruka. Tundu kwa tundu, hapa, ni milisekunde tatu na nusu hivi. Saa yangu haijui nusu. Inasema tatu, au inasema nne. Tatu inakuwa 1667, nne inakuwa 1250."

"Nusu ng'ombe," sauti ikasema nyuma yetu. Mayu alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi, kwa maana ilikuwa Jumamosi, na yeye ni mtu wa kutii ubao.

"Nusu ng'ombe ndiye huyo," nikasema. "Bosi, kosa hili la leo kwenye feni ni ndugu wa kosa lililokuwa kwenye rola. Kule nilihesabu wakati nilipaswa kupima muda. Huku nimepima muda wakati nilipaswa kuhesabu. Kwenye feni hakuna mtu wa kulaumiwa, kwa hiyo unaliona kosa. Kwenye rola kulikuwa na mtu amesimama karibu."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Shule ya jioni hawakutufundisha.

Meneja alikwenda kwenye rola. Sote tukamfuata kama harusi. Akasimama mbele ya kijisanduku: 17.5. Akainama akaitazama nobu na mstari wa rangi ya kucha. Nobu ilikuwa juu ya mstari, sawasawa, na vumbi la pamba limetanda juu ya vyote viwili, vumbi la siku nyingi, wala halina alama ya kidole. Ungedhani angeliona siku ya kwanza. Lakini siku ya kwanza alikuwa akitazama namba, na mimi ndiye niliyempa.

Akafungua daftari lake kwenye ule ukurasa wa 15 na 20. Akaupiga mstari kutoka kona hadi kona. Kisha akaenda kwenye ubao wa zamu na kufuta chaki kwa kiganja chake mwenyewe, kiganja kisafi kile, kikabaki cheupe.

"Mayu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nimekukosea mbele ya watu, na nakuomba radhi mbele ya watu."

"Yameisha, baba," mayu akajibu. "Ila usinihamishe tena kwa sababu ya mfuniko wa rangi."

Kiwanda kizima kikacheka, wachambuaji, wapakiaji, hata dereva wa trekta aliyekuwa hajui tunacheka nini. Mayu akampa mlinzi ule ufagio, akapandisha mikono ya gauni lake, akarudi kwenye nafasi yake. Wenzake walipiga vigelegele ambavyo, nasema na sitanii sana, viliwafikia watu wa Mkula, na inawezekana samaki wa ziwani waligeuka kutazama. Mimi nilibebwa. Sawa, sikubebwa, nilishikwa bega. Lakini kwa jinsi nilivyojisikia miguu yangu haikugusa sakafu mpaka Jumatatu.

Feni niliirudishia mlango wake wa sekunde moja siku ile ile, na ikarudi kwenye 1450 yake kama ng'ombe anayejua zizi lake. Anayekwenda mbio, hesabu wangapi wamepita. Anayekwenda polepole, pima muda mpaka arudi. Niliyaandika maneno hayo kwa rangi ukutani mwa banda langu, na wanafunzi wa ufundi wakija kwetu kwa mazoezi nawasomesha kama sala.

Lakini nilianza kwa kuwaeleza habari ya kwikwi, na kwikwi hazikuisha Jumamosi ile.

Wiki mbili baadaye ilikuja pamba iliyonyeshewa njiani, nzito, imeshikana kama ugali. Nilikuwa nimesimama na mayu pembeni ya rola nikifurahia namba yangu, 17.5, 17.5, wakati lile bonge la kwanza lilipoingia. Kijisanduku kikaonyesha 17.4. Kisha 17.3. Kisha bonge lilipopita, taratibu, ikarudi 17.5.

Nilimshika mayu mkono. "Umeona? Umande! Pamba mbichi, na kwikwi hiyo! Mlinzi hakukosea kabisa, zipo, ni ndogo tu, na kwa kipimo changu sasa tunaziona!"

Mayu hakucheka. Alingoja mashine imeze bonge la pili, namba ikashuka tena na kurudi, kisha akanijibu kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kisimani, akiniita mwanangu kwa Kisukuma.

"Hiyo siyo kwikwi, ng'wanone. Pamba iliyolowa ni nzito, na mota ikipewa mzigo mzito inapungua kasi kidogo. Ikiupitisha inarudi. Mota haina kwikwi. Haijawahi kuwa nazo."